Barua ya wazi kwa wakuu wa madini na halmashauri: mkija kukagua machimbo ya kokoto, anzieni juu ya ukuta

Habari za kazi wakuu. Nawaandikia nyie mnaotoa leseni za machimbo ya mawe, nyie mnaokuja kukagua, na nyie wa halmashauri mnaochukua ushuru wa kokoto pale kizuizini, maana kwenye hili wote mna mkono wenu. Mimi ni fundi wa kuchoronga na baruti, kazi yangu yote imekuwa kwenye granaiti ya huku Mwanza, na leo nataka tuongelee kitu kimoja tu: mawe yanayodondoka toka kwenye ukuta, yanatoka wapi na yanazuiliwaje.

Ukaguzi ninaoujua mimi uko hivi. Gari inapaki chini kwenye uwanja wa kokoto, watu wanashuka, wanaulizia leseni, wanaangalia stoo ya baruti, wanahesabu nani kavaa helmeti nani hajavaa, picha mbili tatu, supavaiza anasaini, gari inaondoka. Sijaona mtu amepanda juu kwenye ukingo akainama kuangalia. Na jiwe linaanzia kule juu, chini linakuja kumaliza tu.

Tuanze na hiyo helmeti basi, maana ndio mnayoipenda. Helmeti ya viwandani ya kiwango cha Ulaya, EN 397, inapimwa kwa kuiangushia chuma cha kilo 5 toka urefu wa mita 1, hiyo ni nishati ya kama jouli 49. Sasa chukua jiwe la kilo moja tu, la kujaa kiganja, lidondoke toka mita 20. Hiyo ni jouli 196, mara nne ya kile ilichopimiwa. Na mita 20 kwetu huku ni ukuta wa kawaida kabisa, tena kuna wenye kuta ndefu zaidi. Jiwe likianguka mita 20 linafika chini na spidi ya kilomita 71 kwa saa. Sisemi watu wavue helmeti, zinasaidia sana kwa vipande vidogo na kwa mtu kujigonga, ila mkimaliza ukaguzi kwa kuhesabu helmeti mjue hamjakagua kinachoua.

Sasa kwa nini jiwe linadondoka. Wengi wanadhani ni baruti. Baruti inachangia, nitaifikia, lakini granaiti ilishapasuka zamani sana kabla hata ya binadamu kuwepo. Hii miamba ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilipoa ikiwa chini sana ardhini, ikapoa inasinyaa ikapasuka, halafu miamba iliyokuwa juu yake ikaliwa na mvua mamilioni ya miaka mpaka mzigo ukaisha, na jiwe lililokuwa limekandamizwa likilegezewa mzigo linajitanua kidogo kuelekea juu na linapasuka tena, safari hii kwa matabaka yanayofuata umbo la kilima. Ndio maana ukichimba kwenye kilima cha granaiti unakuta nyufa zilizolala kufuata mteremko, juu karibu na uso zimekaribiana sana, unashuka zinaachana mpaka mita kadhaa. Ongeza na nyufa zingine mbili zilizosimama, moja inakatiza nyingine. Yaani una nyufa za pande tatu, na pande tatu zikikutana zinakukatia bloku lenye pembe kabisa bila fundi kugusa. Yale mawe ya duara yaliyobebana kule vilimani, na hata lile la Bismaki ziwani watalii wanalopiga picha, ni nyufa hizi hizi, maji yaliingia yakaozesha zile kona za bloku mpaka yakabaki matufe.

Kwa hiyo bloku liko tayari. Swali ni je limeegemea wapi.

Nitoe mfano wa ukuta mmoja ninaoujua vizuri, sitautaja ni wa nani. Kilima kinashuka kuelekea ziwani, yaani magharibi. Mwenye machimbo kaanza kukata toka chini barabarani kwa sababu ndiko lori linafika, kwa hiyo ukuta wake nao unaangalia magharibi. Umekatwa umesimama kama nyuzi 80, urefu wa mita 21, moja kwa moja bila ngazi yoyote. Zile nyufa zilizolala zimeinama kuelekea magharibi pia, kwa wastani wa nyuzi 42. Hapo ndipo pana shida yote. Ufa umeinama kuelekea nje, na ukuta umesimama zaidi kuliko ufa, kwa hiyo ufa unatokeza usoni mwa ukuta na kila bloku lililo juu yake halina kitu mbele cha kulizuia. Limekaa kwenye mteremko, mlango uko wazi.

Kinacholishika ni msuguano. Na msuguano unapimika hata kijijini. Tafuta vipande viwili vya jiwe vilivyoachana kwenye ufa wa asili, sio vya kupasuliwa na nyundo, viwe na nyuso bapa. Kiweke kimoja juu ya kingine kwenye ubao, inua ubao upande mmoja polepole mpaka cha juu kianze kuteleza, simamisha, pima ubao umeinama nyuzi ngapi. Kwa granaiti iliyo bapa na kavu utapata kama 30 mpaka 35. Ukiwa na udongo mwekundu ule unaonata katikati ya ufa inashuka mpaka chini ya 20. Kama huna kifaa cha kupimia chukua protrakta ya mtoto kwenye mkebe wa hesabu, funga uzi pale katikati, ning'iniza nati, tayari una timazi inayosoma nyuzi. Kuna apu za bure za dira kwenye simu zinafanya hivyo hivyo na zinakupa na mwelekeo, ila simu usiiweke karibu na mtarimbo maana chuma kinaidanganya dira.

Sasa linganisheni. Ufa nyuzi 42, msuguano tuseme 33. Ukipiga hesabu ya bloku lililokaa juu ya ufa, kavu kabisa, nguvu ya kulishika ni kama asilimia 72 tu ya nguvu inayolivuta. Maana yake lilitakiwa liwe limeshaanguka. Kwa nini bado lipo? Kwa sababu ufa haujapita wote, kuna sehemu ndani jiwe bado ni zima, au ufa una mawimbi mawimbi yanayogomeana. Hizo sehemu ndogo ndizo zinazobeba watu waliokaa chini. Na kila mlipuko unazitikisa, kila jua na mvua inazila, mpaka siku inayobaki haitoshi. Ndio maana watu wanasema "jiwe limekaa miaka yote halafu limeanguka hakuna aliyeligusa". Liliguswa, kidogo kidogo.

Halafu maji. Hapa naomba mnisikilize kwa makini maana wengi hawalijui hili hata wenye vyeti. Ufa uliosimama nyuma ya bloku ukijaa maji, yale maji yanasukuma. Ufa wa kina cha mita 5 ukijaa unasukuma bloku mbele kwa nguvu ya kama tani 12 na nusu kwa kila mita moja ya urefu wa ufa. Na haijalishi ufa ni mpana au mwembamba. Ufa wa kupitisha kisu na ufa wa kupitisha mkono vikijaa kwa kina kilekile vinasukuma sawasawa, tofauti ni kwamba ule mwembamba unajaa haraka zaidi, ndoo chache tu. Kwa hiyo mtu anayewaambia "huu ufa ni mdogo hauna shida" muulizeni una kina gani na maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Masika huwa tunaona ukuta unalia maji kwenye nyufa za chini, na hapo ni afadhali maana yanatoka. Kaa chonjo na ukuta ambao mvua imenyesha wiki nzima na chini ni mkavu.

Kuteleza kwa namna hiyo sio njia pekee ya jiwe kuanguka. Kuna pale nyufa mbili zinapokutana zikafanya kama kabari, bloku linatoka kwa kufuata ule mfereji wa makutano, na hilo huwa kubwa. Na kuna pale nyufa zimesimama karibu wima zikiinamia ndani ya kilima, hapo jiwe linakuwa kama slesi za mkate zilizosimamishwa mezani, ukiondoa ya mbele inayofuata inalala, halafu inayofuata. Hii ya slesi ndio inampata mtu aliyekimbilia upande wa pili wa kilima akidhani kule nyufa hazimtelezeshei kitu. Kweli hazitelezi, ila zinapinduka. Hakuna upande wa kilima ambao hauna maneno, kuna upande ambao maneno yake unayaweza.

Na kuna moja ambayo haihitaji ufa wowote, ni kuchimba chini ukaacha juu kunaning'inia. Aprili 2013 pale Moshono Arusha watu zaidi ya kumi walifukiwa kwenye machimbo ya moramu. Moramu sio granaiti, haina hizi nyufa nilizozielezea, lakini tabia ya kula chini ya ukuta ni ile ile tunayoifanya kwenye mawe, kwa sababu chini ndiko lori lipo na hakuna barabara ya kupanda juu. Ukikata miguu ya ukuta wenye nyufa za nyuzi 42 umefanya makosa mawili kwa mpigo.

Sasa kinga. Nianze na benchi, zile ngazi za kukata ukuta vipande vipande. Kazi ya benchi ni kudaka. Jiwe likitoka ukuta wa juu lianguke mita 7 likae hapo, lisishuke mita 21. Bloku la nusu mita kila upande lina kama kilo 330, likidondoka mita 20 linakuja na kilojouli 65, likidondoka mita 7 ni kama kilojouli 23. Bado linaua, kwa hiyo kwenye benchi hatakiwi mtu kukaa, lakini benchi pana inaweza kulidaka.

Upana kiasi gani? Kuna kanuni inayotumika sana machimboni duniani, imetokana na kazi ya bwana Ritchie wa idara ya barabara ya jimbo la Washington kule Marekani, ambaye miaka ya 1960 mwanzoni alisukuma mamia ya mawe kwenye miteremko huku anayapiga filamu aone yanaenda wapi. Kanuni yenyewe baada ya kuboreshwa na wengine ni hii:

upana wa benchi = 0.2 × urefu wa ukuta + 4.5 (yote kwa mita)

Ukuta wa mita 7 unataka benchi ya mita 5.9, sema 6. Ukuta wa mita 15 unataka 7.5. Mtaona hata ukuta uwe mfupi vipi benchi haishuki sana chini ya mita 5, kwa sababu jiwe likigonga linaruka mbele halafu linabingirika, na mruko wa kwanza haujali sana limetoka mita ngapi. Sasa nendeni mkaangalie hizo zinazoitwa benchi kwenye machimbo mengi, mita moja na nusu, mbili. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na benchi. Jiwe lililokuwa linashuka karibu na ukuta linagonga ile ngazi nyembamba linarushwa nje mbali, linampata mtu aliyekuwa amejikalia zake mbali na ukuta akijua yuko salama. Ritchie aliliona hili, ukuta uliosimama sana jiwe linashuka tu na kutua karibu, ukuta uliolala kiasi au wenye vijukwaa jiwe linadunda.

Jambo lingine la benchi ni kwamba inajaa. Kila mlipuko unaiachia kifusi, na kifusi kikijaa kinakuwa mteremko wa kurushia mawe. Benchi ya mita 6 iliyojaa kifusi mpaka ukingoni sio benchi tena. Kwa hiyo lazima eskaveta iweze kuifikia kusafisha, na ukingo wa nje uachiwe tuta dogo la mawe. Mkimkuta mtu ana benchi nzuri ila hana njia ya kufikisha mashine, ana benchi ya mwaka mmoja.

Turudi kwenye ukuta wetu wa mita 21. Tuukate mara tatu, mita 7 kila mmoja, tulaze kila ukuta nyuzi 75, tuweke benchi mbili za mita 6. Toka chini mpaka juu utakuwa umerudi nyuma kama mita 17 na nusu, na mteremko wa jumla toka mguu mpaka ukingo ni kama nyuzi 50. Safi, inapendeza hata kwa picha. Lakini nyufa zilikuwa nyuzi ngapi? 42. Bado mteremko wa jumla umesimama kuliko ufa. Yaani benchi zimedaka mawe madogo, lakini ufa mmoja mrefu ukipita chini ya benchi zote mbili, ukuta mzima na benchi zake unaweza kuondoka pamoja. Hapa ndipo wanakosea hata wale wanaochora plani nzuri. Benchi inadaka, haishikilii.

Dawa ya ukuta ule ni kugeuza uso. Kilima hicho hicho ukikichimba kwa ukuta unaoangalia kaskazini au kusini, ile nyufa ya nyuzi 42 inakuwa inapita ubavuni, haitokezi mbele ya ukuta. Kwa kawaida ufa ukipishana na mwelekeo wa ukuta kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi bloku halipati njia rahisi ya kuteleza kwenye ufa ule peke yake, ingawa hapo sasa unaanza kuangalia kabari. Au kama kugeuza haiwezekani, laza mteremko wa jumla uwe chini ya 42, jambo linalokula eneo kubwa. Kugeuza ni bure kama umefikiria kabla hujaanza, ukishachimba miaka mitano ni gharama. Ndio maana nasema kipimo cha nyufa kifanyike kabla ya leseni kutoka na sio baada ya msiba. Mtu mmoja mwenye protrakta na dira anaweza kupima nyufa 50 kwenye kilima kwa siku moja.

Najua mtaniambia viwanja ni vidogo, mita 12 za benchi zinamla mchimbaji mdogo eneo lake. Kweli. Na ndio maana wenye viwanja vinavyopakana kila mmoja anachimba wima mpaka mpakani, katikati unabaki ukuta mwembamba kama panga, nyufa zimeshikwa na hewa pande zote mbili. Ule ni wa kuogopa kuliko zote na unatengenezwa na mipaka mliyoichora nyie. Waunganisheni. Watu watatu wanaopakana wakiwa na ukuta mmoja wenye benchi zinazoendelea, njia moja ya kupandia juu, wakachimba kushuka toka juu, lile jiwe la benchi halipotei, linavunwa wote wakiwa wanarudi nyuma pamoja.

Kuhusu baruti niseme kidogo kwa sababu ni kazi yangu na najua wenzangu watanichukia. Shimo la nyuma kabisa, lile linaloacha ukuta, ukilijaza sawa na ya mbele unapasua jiwe ambalo huna mpango wa kulichukua, unaacha nyufa zimefunguka mita kadhaa nyuma. Mstari wa mwisho unatakiwa mashimo yakaribiane zaidi, chaji iwe ndogo. Inaongeza gharama ya kuchoronga, inapunguza ya kuangua mawe legevu wiki nzima. Na wale wanaochoma mwamba kwa matairi ili upasuke, tofauti na moshi wake, moto unaachia magamba ya jiwe yanayoning'inia ambayo huyaoni mpaka yakushukie.

Haya, neti. Nimesikia kwenye vikao watu wanataka "machimbo yote yafungwe neti". Hapana jamani. Neti kwenye ukuta unaolipuliwa kila wiki ni hela imetupwa, mlipuko wa kwanza unaichana. Neti ni ya ukuta wa mwisho, ule ambao hautasogea tena, na ni ya barabara zilizokatwa mlimani na nyumba zilizo chini ya majabali, huku kwetu ziko nyingi tu.

Kuna ya kuning'iniza. Inafungwa juu kwenye nondo zilizochimbiwa na kumiminiwa saruji nyuma ya ukingo, tena nyuma ya ule ufa wa mwisho unaouona na sio mbele yake, nimeona pahali wameichimbia kwenye bloku lenyewe linalotaka kuanguka. Chini inaachwa wazi, haifiki ardhini kwa kama nusu mita mpaka mita moja. Watu wanashangaa kwa nini isifungwe chini. Kwa sababu kazi yake sio kubeba jiwe, ni kulisindikiza. Jiwe linashuka kati ya neti na ukuta bila kurukia nje, linadondoka kwenye mfereji chini, linazolewa. Ukiifunga chini inajaa kifusi inakuwa na tumbo, uzito unavuta nondo za juu, siku moja inashuka yote.

Neti yenyewe ni ya waya za macho ya pembe sita zilizosokotwa mara mbili kila kiungo, macho ya sentimita 8 kwa 10, waya wa milimita 2.7 au 3 wenye zinki. Kusokotwa mara mbili ndio siri yake, waya mmoja ukikatika tundu linabaki dogo. Fensi ya kawaida ya nyumbani, ile ya macho ya almasi, waya mmoja ukikatika inafumuka toka juu mpaka chini kama sweta. Na hiyo ya nyumbani ndio huwa inanunuliwa kwa sababu ipo dukani. Hata ile sahihi ina kikomo, inafaa kwa mawe ya mpaka nusu mita hivi au kidogo zaidi. Bloku la mita moja kila upande ni tani mbili na nusu na ushee, hapo unahitaji neti ya kebo au ya pete za chuma, au fensi maalumu za kudakia zenye nguzo na breki za kebo, ambazo zinauzwa kwa kilojouli, toka 100 mpaka maelfu. Anayekuuzia fensi muulize kilojouli ngapi, akikwambia "ni imara sana mkuu" mrudishe.

Na hakuna neti ya kuning'iniza inayozuia ule ukuta wa nyuzi 42 usiteleze. Bloku la maelfu ya tani linaondoka na neti yake. Hapo ni bolti ndefu zinazovuka ufa mpaka kwenye jiwe zima la nyuma, mashimo ya kutoboa kutoa maji, au kuondoa bloku lenyewe kwa makusudi watu wakiwa wameondolewa.

Kuna kitu kimoja hakihitaji hela wala injinia na ndicho kinaniuma. Ule ukuta unaoangalia magharibi unatoa kivuli asubuhi nzima mpaka karibu saa sita. Nendeni saa nne mkaone kina mama wanaoponda kokoto wamekaa wapi. Wamekaa miguuni pa ukuta, na watoto wadogo kwenye kanga, na mama lishe na sufuria lake la uji, kwa sababu uwanja mzima hauna kivuli kingine. Mnawafukuza, mkigeuka wanarudi, ningekuwa mimi ningerudi pia. Kwa kanuni ile ile ukuta wa mita 21 unataka watu wakae karibu mita 9 toka mguuni, na kwa ukuta kama huu mimi ningeweka 20. Pigeni tuta la kifusi la mita moja na nusu kuzuia yanayobingirika, halafu nyuma yake mwenye leseni ajenge banda la turubai. Miti minne na turubai. Liandikeni kwenye masharti ya leseni kama mlivyoandika choo.

Na yule anayepanda juu kila asubuhi aandikwe jina. Apande kabla mtu hajaingia chini, na kila baada ya mvua na baada ya mlipuko, na kamba imefungwa kwenye kitu kizima nyuma. Aangalie ufa wa ukingoni. Misumari miwili, mmoja huku mmoja kule ya ufa, unapima kati yake kwa tepu na kuandika kwenye daftari. Ikiongezeka milimita moja kwa mwezi unafuatilia, ikianza kuongezeka kila siku na kila siku zaidi ya jana unaondoa watu, huhitaji kikao. Dalili zingine ni vijiwe vidogo vinavyochuruzika bila mtu kugusa, vumbi linatoka kwenye ufa na hakuna upepo, sehemu mpya nyeupe kwenye ukuta ambao wote umeshapauka, mti wa ukingoni umeinama tofauti na jana. Mawe legevu yaanguliwe kwa mtarimbo toka juu kushuka chini, kamwe sio mtu asimame chini ayachokonoe, au kwa mkono wa eskaveta ikiwa imesimama pembeni na mkono wake ni mrefu vya kutosha kufika. Kama mkono haufiki juu ya ukuta basi ukuta ni mrefu kuliko mashine yako, na hilo peke yake linatosha kukwambia ukuta wa kila benchi uwe na urefu wa mita ngapi.

Mnachoweza kufanya wiki ijayo bila bajeti mpya ni kuongeza kurasa mbili kwenye fomu ya ukaguzi: ya kwanza mchoro wa ukuta, unaangalia wapi na nyufa zimeinama wapi kwa nyuzi ngapi, ya pili daftari la misumari la miezi mitatu iliyopita. Mwenye machimbo akikosa hizo mbili asisainiwe. Mkikosa mtu wa kuwafundisha wakaguzi kutumia protrakta mniite, nauli najilipia, ila tufanye kabla ya mvua za vuli maana zikianza ukingoni kunateleza na sitampandisha mtu.

Wenu,
Fundi wa kuchoronga, Mwanza